Sura ya Saba: Shilingi ya Mwaka Gani?

Mkorosho uliopandwa Mtua, kusini mwa Tanzania, kwa mvua za Desemba hauna haraka. Mwaka wa tatu utatoa maua na korosho za kuonjesha watoto. Mwaka wa tano au wa sita ndipo mwenye shamba anaanza kuhesabu magunia, na mti ukipogolewa na kupuliziwa dawa kwa wakati utaendelea kuzaa kwa miaka ishirini na zaidi. Gharama nzito, kwa upande wake, huja mwanzoni kabisa: kufyeka pori, kung'oa visiki, kuchimba mashimo, kutafuta miche, kisha palizi mwaka baada ya mwaka wakati mti bado haujalipa chochote. Fedha inatoka leo na kurudi kidogo kidogo kwa robo karne.

Kwa hiyo anayepima kama shamba hilo linafaa analinganisha shilingi za miaka ishirini na mitano tofauti. Bei zikitulia, kosa dogo katika kulinganisha huko halimuumizi sana. Zikipanda kwa kasi, kosa lilelile linaweza kuligeuza shamba zuri liwe la hasara kwenye karatasi, au kuupa mradi wa hovyo sura ya mgodi wa dhahabu, na hakuna jumlisho hata moja katika jedwali litakalokuwa limekosewa.

Tanzania iliishi katika hali hiyo. Kuanzia 1980 hadi katikati ya miaka ya 1990 mfumuko wa bei ulizidi asilimia 20 karibu kila mwaka, na kwa miaka mingi ulizunguka asilimia 30. Mwaka 1984 ulifika takriban asilimia 36. Bei zikipanda kwa asilimia 30 kila mwaka, baada ya miaka kumi kitu kilichouzwa shilingi 100 kinauzwa shilingi 1,379. Mtu aliyepanda mikorosho Nachingwea au Ruangwa wakati huo alikuwa anapanda kwa fedha ya aina moja na kutarajia kuvuna kwa fedha nyingine kabisa, ingawa zote ziliitwa shilingi.

Ofisi ya Taifa ya Takwimu ina maneno mawili inayoyatumia kila inapotangaza pato la taifa, nami nitayaazima. Kuna bei za miaka husika, yaani fedha kama itakavyohesabiwa mkononi mwaka huo, na mfumuko wake ndani yake. Na kuna bei za mwaka wa kizio, ambapo kila kiasi cha miaka ijayo kimerudishwa kwenye uwezo wa kununua wa mwaka mmoja uliochaguliwa, kwa kawaida mwaka mradi unapoanza. Kiwango cha punguzo, ile asilimia tunayotumia kurudisha fedha ya kesho kwenye thamani ya leo, nacho kina sura mbili. Kipo kiwango kilichobeba mfumuko ndani yake, kama riba inayobandikwa ukutani benki. Kipo pia kiwango halisi, ambacho ni faida inayobaki baada ya kufidia kupanda kwa bei.

Kanuni ni moja. Fedha ya bei za miaka husika hupunguzwa kwa kiwango chenye mfumuko, na fedha ya bei za mwaka wa kizio hupunguzwa kwa kiwango halisi. Njia zote mbili, zikifuatwa kwa uaminifu, hutoa jibu lilelile hadi shilingi ya mwisho. Balaa lote liko katika kuzichanganya.

Tuchukue ekari moja ya Mtua mwaka 1985. Mikorosho ikipandwa kwa nafasi ya mita 12 kwa 12, ekari inachukua miti 28 hivi. Tarakimu za fedha nitakazotumia nimezipanga mwenyewe ili hesabu ifuatike kwa kalamu na karatasi. Zote ni za bei za mwaka wa kupanda. Kuanzisha shamba kunagharimu shilingi 10,000. Mwaka wa kwanza hadi wa nne, palizi inakula shilingi 1,000 kila mwaka na mavuno hayana uzito. Kuanzia mwaka wa tano hadi wa ishirini na tano, korosho zinauzwa shilingi 5,000 kwa mwaka, gharama za palizi, dawa na kuokota ni shilingi 2,000, na mwenye shamba anabaki na 3,000. Mfumuko ni asilimia 30. Faida halisi ambayo fedha yake ingeipata kwingine ni asilimia 8.

Anza na njia ya bei za mwaka wa kizio. Gharama za mwanzo pamoja na palizi ya miaka minne, zikirudishwa kwenye thamani ya leo kwa asilimia 8, ni shilingi 13,312. Mavuno ya miaka ishirini na mmoja, yakirudishwa vivyo hivyo, yana thamani ya leo ya shilingi 22,088. Baki ni shilingi 8,776. Shamba linafaa, tena si kwa kubahatisha.

Sasa njia ya pili. Kiwango chenye mfumuko hakipatikani kwa kujumlisha 8 na 30. Atakayengoja mwaka mzima anataka kila shilingi yake irudi na uwezo uleule wa kununua, kisha juu ya kiasi hicho kilichokwisha kukua apate asilimia 8. Kwa hiyo tunazidisha: 1.08 × 1.30 = 1.404. Kiwango ni asilimia 40.4. Mavuno nayo yanapandishwa kwa asilimia 30 kila mwaka. Tuangalie mwaka wa kumi peke yake. Zile shilingi 3,000 zimekuwa 41,358 kwa bei za mwaka huo. Ukizigawanya kwa 1.404 iliyozidishwa kwa yenyewe mara kumi, unapata shilingi 1,390. Rudi kwenye njia ya kwanza: shilingi 3,000 kugawanya kwa 1.08 iliyozidishwa mara kumi ni shilingi 1,390. Ni vivyo hivyo kwa kila mwaka mwingine, na baki la jumla linabaki 8,776.

Umoja huo wa majibu ni chombo cha ukaguzi chenye nguvu kuliko kingine chochote ninachokijua katika kazi hii. Ukipiga hesabu kwa njia zote mbili na majibu yakatofautiana, kuna mahali shilingi ya mwaka mmoja imeingia katika safu ya mwaka mwingine, na hupaswi kuendelea mpaka uione.

Kosa linalotokea zaidi ni hili. Mpanga mradi anaorodhesha mavuno na gharama kwa bei anazozijua, yaani za leo, na kuzirudia bila kubadilika hadi mwaka wa ishirini na tano. Halafu anakwenda benki kuuliza riba. Anaambiwa asilimia 40.4, anaiandika kichwani mwa jedwali, na kuanza kupunguza. Hapo amefidia mfumuko katika kigawanyo lakini hakuuweka katika kigawanywa. Katika ekari yetu, mavuno ya mwaka wa kumi, ambayo kwa haki yana thamani ya leo ya shilingi 1,390, yanaporomoka hadi shilingi 101. Ya mwaka wa ishirini na tano, ambayo ni shilingi 438, yanakuwa senti 62. Robo karne ya korosho haijazi hata mfuko wa shati. Baki la shamba zima linatoka faida ya 8,776 na kuwa hasara ya 9,929.

Tazama ni mradi gani unaoumia kwa kosa hilo. Shamba la ufuta linalopandwa mwanzoni mwa mwaka na kuvunwa katikati yake huguswa kidogo, kwa sababu fedha yake haikai muda mrefu. Anayechuuza vitumbua stendi ya Nachingwea haguswi kabisa. Linalokatwa kichwa ni zao la miti, na kadiri faida ilivyo mbali ndivyo upanga unavyokata zaidi. Ofisi inayorudia kosa hili mradi baada ya mradi itajikuta imeegemea biashara za miezi mitatu na kuikataa mikorosho, minazi, mabwawa na barabara, huku ikiamini imeongozwa na namba.

Kosa la upande wa pili huonekana kidogo, lakini ni hatari kuliko la kwanza, maana linafurahisha kila mtu. Hapa mavuno yamepandishwa kwa mfumuko, kisha yanapunguzwa kwa kiwango halisi cha asilimia 8, labda kwa sababu mwongozo wa mfadhili umemtaka mpanga mradi atumie kiwango cha aina hiyo. Mavuno ya mwaka wa kumi sasa yana thamani ya leo ya shilingi 19,157. Mwaka mmoja tu unarudisha gharama zote za kuanzisha shamba na kuacha chenji. Mradi wowote unapita katika mlango huo, hata wa kupanda mikorosho kwenye mwamba.

Kuna kosa la tatu, dogo kwa sura. Mtu anajua kwamba anatakiwa kutumia kiwango halisi, anachukua riba ya asilimia 40.4, anatoa 30 na kupata 10.4. Leo, mfumuko wa Tanzania ukiwa karibu asilimia 3, kutoa badala ya kugawanya kunapotosha jibu kwa sehemu ndogo tu ya asilimia moja, na wengi tumezoea kufanya hivyo bila madhara. Kwenye mfumuko wa asilimia 30 tofauti ni asilimia 2.4 nzima, na baki la ekari yetu linashuka kutoka 8,776 hadi 3,844. Zaidi ya nusu ya faida imepotea kwa njia ya mkato. Chukua 1.404, gawanya kwa 1.30, upate 1.08. Ni kazi ya dakika moja.

Mpaka hapa nimezungumza kana kwamba kila bei inapanda kwa mwendo mmoja. Ingekuwa hivyo, mfumuko usingekuwa na maana yoyote kwa mpanda mikorosho zaidi ya kumwongezea sufuri kwenye daftari. Lakini bei hazitembei pamoja, na hapo ndipo historia ya korosho ya kusini inapotufundisha jambo ambalo kanuni peke yake hailisemi.

Tanzania ilipata takriban tani 145,000 za korosho ghafi katika msimu wa 1973/74. Msimu wa 1986/87 zilikuwa zimebaki kama tani 17,000. Sababu zilikuwa kadhaa. Operesheni Vijiji iliwahamisha watu mbali na miti yao, na shamba lililo mbali halipaliliwi. Ugonjwa wa ubwiriunga uliingia na kukausha maua. Na bei ya mkulima, ambayo ilipangwa na serikali na kulipwa kupitia mamlaka moja ya ununuzi, haikwenda sambamba na bei za vitu dukani. Sukari, sabuni, khanga na jembe vilipanda. Korosho nayo ilipandishwa, lakini kwa kuchelewa na kwa pungufu. Shilingi za mkulima ziliongezeka huku anachoweza kununua kikipungua.

Rudi kwenye ekari yetu. Weka kwamba mfumuko ni asilimia 30, gharama za palizi, dawa na vibarua zinapanda kwa asilimia 30, ila bei ya korosho inapandishwa kwa asilimia 27 kila mwaka. Kwa macho hiyo ni nyongeza kubwa. Waziri anaweza kuitangaza jukwaani na kupigiwa makofi. Lakini 1.27 kugawanya kwa 1.30 ni 0.977, maana yake kila mwaka korosho inapoteza asilimia 2.3 ya uwezo wake wa kununua. Mwaka wa kumi, mauzo ya shilingi 5,000 yameshuka hadi 3,959 kwa bei za mwaka wa kizio, na baki la mkulima si 3,000 tena bali 1,959. Mwaka wa ishirini anabaki na 1,135. Ukijumlisha thamani ya leo ya miaka yote, lile baki la 8,776 limefutika, na shamba linaangukia upande wa hasara kwa kama shilingi 170. Pengo la asilimia tatu tu limemeza faida yote ya ekari.

Mkulima wa miaka ile hakuhitaji jedwali kulijua hili. Aliacha kupalilia. Tani zilizoporomoka zilikuwa, kwa sehemu kubwa, hukumu yake juu ya bei hiyo, na naamini hukumu yake ilikuwa sahihi.

Ndiyo maana bei za mwaka wa kizio zisichukuliwe kuwa bei zisizobadilika. Ziondolee mfumuko wa jumla tu. Kama unaamini bei ya korosho itabaki nyuma ya bei nyingine, safu ya mauzo lazima ishuke mwaka hadi mwaka hata katika hesabu ya mwaka wa kizio. Kama mishahara ya vibarua itapanda kuliko bei nyingine, safu yao lazima ipande. Salfa ya kupulizia ubwiriunga ni mfano mgumu zaidi, kwa sababu inaagizwa nje na bei yake hufuata dola. Serikali ilipong'ang'ania thamani ya shilingi huku bei za ndani zikipanda, bidhaa ya nje ilionekana rahisi kwenye makaratasi na kuadimika madukani. Kisha Juni 1986 dola moja ikawa shilingi 40 kutoka takriban 17 miezi michache kabla. Aliyekuwa ameandika salfa itapanda kwa asilimia 30 kama kila kitu alikosea kabla ya msimu wa kwanza kwisha.

Katika kipindi hichohicho ilijengwa pia miradi mikubwa kuliko mashamba. Kwa mikopo ya Benki ya Dunia ya 1974 na 1978, Tanzania ilijenga viwanda vya kubangua korosho, na kimoja kiko Nachingwea. Maandiko ya miradi ya aina hiyo yana mpangilio ambao kila mpanga miradi anapaswa kuujua. Gharama huorodheshwa kwanza kwa bei za leo. Juu yake huongezwa fungu la tahadhari kwa kazi kuzidi vipimo, kwa mfano msingi kuhitaji saruji zaidi ya ilivyokadiriwa. Mwisho huongezwa fungu jingine la tahadhari, hili kwa ajili ya kupanda kwa bei kabla ujenzi haujaisha. Jumla yote, pamoja na fungu la bei, ndiyo hupelekwa hazina, kwa sababu mkandarasi atalipwa kwa shilingi za mwaka atakaodai. Lakini katika kupima kama mradi unafaa, fungu la kupanda kwa bei huondolewa, na mauzo nayo huandikwa bila mfumuko. Fungu la kazi kuzidi vipimo hubaki, maana saruji hiyo itatumika kweli.

Mpangilio huo unaonyesha kwamba tunauliza maswali mawili tofauti. Je, mradi huu unastahili? Hilo hujibiwa vizuri zaidi kwa bei za mwaka wa kizio, ambako macho hayapumbazwi na sufuri. Je, fedha zitatosha mwaka wa tatu? Hilo hujibiwa kwa bei za miaka husika tu. Anayepeleka jibu la swali la kwanza hazina atajenga kuta na kukosa fedha ya paa.

Viwanda vyenyewe havikuangushwa na hesabu ya mfumuko. Viwanda vyote nchini, kumi na viwili kwa pamoja, vilikuwa na uwezo wa kubangua zaidi ya tani 100,000 kwa mwaka, na vingi vilikamilika wakati korosho ghafi ikipungua mpaka haitoshi hata kwa robo ya mashine. Bei ya mkulima ilikuwa kwenye safu moja ya jedwali na tani za malighafi kwenye safu nyingine, zikiandikwa kama hazijuani. Pengo la asilimia tatu tulilolipima katika ekari moja linageuka, katika ngazi ya kiwanda, kuwa magunia yasiyofika getini.

Nimebakiza jambo la mkopo, na hili ndilo linalowaumiza watu ambao mradi wao ni mzuri.

Chukua ekari ileile, korosho ikipata bei inayokwenda na mfumuko, yaani shamba lenye baki la 8,776. Mwenye shamba anakopa zile 10,000 kwa asilimia 40.4, alipe kwa miaka kumi mafungu yaliyo sawa. Kila mwaka atatakiwa kulipa shilingi 4,180. Kwa bei za mwaka wa kupanda, fungu la kwanza lina uzito wa shilingi 3,216. La mwisho, mwaka wa kumi, lina uzito wa shilingi 303. Linganisha na mkopo uleule usiokuwa na mfumuko, kwa asilimia 8: angelipa uzito wa 1,490 kila mwaka tangu wa kwanza hadi wa kumi. Mkopeshaji anapata kitu kilekile kwa njia zote mbili. Lakini mfumuko umeusukuma mzigo wa deni mbele, kwenye miaka ambayo mkorosho hauna hata jani la kutoa kivuli, na kuacha miaka ya mavuno karibu bure.

Benki ikiona mkulima ameshindwa kulipa mwaka wa kwanza na wa pili, itaandika kwamba mradi haufai. Ubaya ulikuwa katika ratiba ya malipo. Dawa yake ni kuacha deni likue mpaka mti uanze kuzaa, ingawa deni linalokua hivyo linatisha: baada ya miaka minne, zile 10,000 zimekuwa 38,857. Mkutano wa chama cha msingi ukisomewa namba hiyo utapiga kelele. Igawanye kwa mfumuko wa miaka minne, ambao ni 2.856, upate 13,605. Hiyo ndiyo 10,000 iliyokua kwa asilimia 8 kwa miaka minne, wala si zaidi.

Na hapa kuna kosa la kawaida katika jedwali: kuweka marejesho ya 4,180 katika safu ileile kwa miaka kumi, ndani ya hesabu ambayo mauzo yake ni ya mwaka wa kizio. Marejesho yaliyokubaliwa kwa mkataba ni ya bei za miaka husika siku zote. Kabla hayajaingia katika hesabu ya mwaka wa kizio, kila fungu lazima ligawanywe kwa mfumuko wa mwaka wake.

Katika miaka ya 1980 yenyewe, riba za benki zilipangwa na serikali na zilikuwa chini ya mfumuko. Aliyebahatika kupata mkopo wa asilimia 20 wakati bei zikipanda kwa 30 alirudisha, kwa uwezo wa kununua, pungufu ya alichochukua: 1.20 kugawanya kwa 1.30 ni 0.923, hasara ya asilimia 7.7 kwa mwenye fedha kila mwaka. Mwenye fedha huyo alikuwa ni mwananchi aliyeweka akiba yake benki. Riba kama hiyo haifai kuwa kiwango cha punguzo, kwa sababu haisemi fedha ingezaa nini mahali pengine. Inasema tu nani amependelewa. Leo mkopo wa asilimia 15 wakati mfumuko ni 3 unagharimu asilimia 11.7 halisi, na kwa hiyo ni ghali kuliko ule wa asilimia 20 wa zamani, kinyume na tarakimu zinavyoonekana.

Asilimia 8 niliyoitumia, basi, haina utukufu wowote. Benki ya Dunia kwa miaka mingi ilitumia asilimia 10 hadi 12. Mkulima anayeuza kangomba kabla ya msimu, akipokea bei ya chini leo badala ya kungoja mnada wa RUNALI miezi michache baadaye, ana kiwango chake mwenyewe, na ni kikubwa mno kuliko vyote hivyo. Anauguza mtoto au analipa ada. Hesabu iliyopigwa kwa asilimia 8 inaweza kusema kweli kuhusu shamba na bado isiwe kweli kuhusu mwenye shamba, na anayemwandikia mradi inampasa apige hesabu mara ya pili kwa kiwango cha juu aone kama mikorosho bado inasimama.

Kwa msomaji aliye kwenye bodi ya chama cha msingi, halmashauri au benki, na ambaye ataletewa andiko la mradi wa miaka ishirini: usianze na ukurasa wa hitimisho. Fungua jedwali, tafuta safu ya mauzo, weka kidole kwenye mwaka wa kumi na tano, na umuulize mwandishi hizo ni shilingi za mwaka gani. Kama mauzo hayabadiliki toka mwanzo hadi mwisho na kiwango cha punguzo kinalingana na riba ya benki, umeshaliona kosa. Kama mauzo yanapaa na kiwango ni asilimia 8 au 10, umeliona la pili. Muulize pia bei ya zao itakwenda na mfumuko au itabaki nyuma, na kwa asilimia ngapi. Asipoweza kujibu, mrudishie andiko lake siku hiyohiyo, kabla shimo la kwanza halijachimbwa.